Mzigo Ulioungua Una Bei Gani?

Moto ukishazimwa na wazimamoto wakaondoka, kampuni ya bima huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: usiku ule dukani kulikuwa na mzigo wa shilingi ngapi? Swali hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu kinachotakiwa kuhesabiwa hakipo tena. Nyumba ikiungua hubaki kuta na msingi vya kupimia. Gari lina kadi, namba na mwaka wa kutengenezwa. Lakini mzigo wa duka huingia na kutoka kila siku, na asubuhi ya majivu hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema huu hapa, uhesabuni.

Afrika Mashariki tumeyaona majivu hayo mara nyingi. Jioni ya tarehe 10 Julai 2021 liliungua soko kuu la Kariakoo, jengo alilolisanifu Beda Amuli na ambalo wakazi wa Dar es Salaam walilizoea tangu miaka ya 1970. Januari 2022 likafuata soko la Karume pale Ilala. Nairobi, soko la Gikomba limeungua na kujengwa upya mara nyingi mno. Baada ya kila moto huzungumzwa mitaji iliyoteketea ya wale wasiokuwa na bima, na ni haki izungumzwe. Hawasikiki sana wale waliokuwa na bima, wakalipa ada yao kila mwaka, kisha wakapokea hundi ndogo kuliko walivyotarajia na kuondoka wakiamini wamedhulumiwa. Wapo waliodhulumiwa kweli. Lakini kwa wengi, ile hundi ilikwisha pungua kabla moto haujawaka, na namna ilivyopungua inaweza kuonyeshwa kwa kalamu na karatasi.

Tuchukue duka la mfano: duka la vitenge Kariakoo, mwenyewe amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT, anatumia mashine ya EFD, na hesabu zake hufungwa kila tarehe 31 Desemba. Moto umetokea usiku wa tarehe 14 Mei. Tarakimu ni za kubuni, nimezichagua ziwe nyepesi kufuatilia, ila njia ndiyo hiyohiyo anayoipita mkadiria hasara katika kazi yake ya kila siku.

Mkadiria hasara ni mtaalamu anayetumwa na kampuni ya bima kuchunguza chanzo cha moto na ukubwa wa hasara. Huyu hulipwa na kampuni lakini huhitaji leseni, ambayo Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Akifika dukani huanza na mabaki yenyewe. Jora la kitenge lililokazwa vizuri haliungui lote upesi. Moto hula tabaka za nje, na ndani hubaki kiini cheusi ambacho bado kinahesabika. Kwa hiyo mabaki ni ushahidi, na mwenye duka anayeleta kijiko na lori kusafisha eneo kesho yake asubuhi anajifutia ushahidi wake mwenyewe. Anachotakiwa kufanya ni kutoa taarifa polisi, kuipa kampuni taarifa ya maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye hati yake ya bima, na kuuhamisha kwenye maji na wezi ule mzigo ambao bado unafaa. Vingine avisubirishe mpaka mkadiria apige picha na kuandika.

Majivu peke yake hata hivyo hayatoi jumla. Jumla hutoka kwenye hesabu za vitabu, kwa njia ya kurudi nyuma: tunajua mzigo ulioanza mwaka, tunajua ulioingia, tunajua mauzo. Tukijua pia katika kila shilingi 100 ya mauzo ni shilingi ngapi zilikuwa gharama ya bidhaa, tunaweza kusema ni mzigo gani ulipaswa kuwamo dukani saa moto ulipoanza. Wahasibu huiandaa kama hesabu ya biashara ya muda, inayoishia siku ya moto badala ya siku ya kufunga mwaka.

Kila kitu kinasimama juu ya kiwango cha faida ghafi, na hapa ndipo watu hupoteza fedha bila kujua. Duka letu mwaka jana liliuza kwa jumla shilingi milioni 306, na bidhaa hizo liliwahi kuzinunua kwa milioni 240. Faida ghafi ni milioni 66, yaani kama asilimia 21.6 ya mauzo. Mtu wa haraka atachukua hiyo asilimia 21.6 na kuendelea. Lakini ndani ya mauzo ya mwaka jana kulikuwa na vitenge vilivyopauka kwa jua, vilivyogharimu milioni 15 na kuuzwa kwa milioni 6 tu ili kupisha mzigo mpya. Hilo lilitokea mara moja na halikujirudia mwaka huu. Tukiliondoa, mauzo ya kawaida yanakuwa milioni 300 na gharama yake milioni 225. Faida ghafi ya kweli ya duka hili ni asilimia 25.

Asilimia tatu na kidogo zinaonekana kama jambo dogo. Lakini angalia zinakokwenda: kiwango cha faida kikishushwa, gharama ya bidhaa zilizouzwa mwaka huu inaonekana kubwa, na gharama hiyo ikiwa kubwa, mzigo unaobaki dukani unaonekana mdogo. Kwa mauzo ya milioni 120, tofauti hiyo inafuta zaidi ya milioni 4 za mzigo uliokuwapo kweli. Mkadiria mwadilifu ataliona hilo akionyeshwa, lakini haimlazimu kulitafuta kwa niaba yako. Mhasibu wa duka ndiye anayepaswa kulipeleka mezani pamoja na vielelezo.

Sasa twende mwaka wa moto. Tarehe 1 Januari duka lilikuwa na mzigo wa milioni 80 kwa bei ya kununulia, kama orodha ya kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka inavyoonyesha. Kuanzia hapo hadi 14 Mei ankara za manunuzi, bila VAT, zinafika milioni 118. Lakini si mzigo wote wa ankara hizo ulioungua. Wa milioni 6 ulikuwa bado bandarini unasubiri kutolewa, na moto wa Kariakoo haukuufikia. Wa milioni 2 mwenye duka aliuchukua kwa ajili ya sare za harusi ya binti yake. Uliingia dukani ukatoka bila kuuzwa. Tukiondoa hivyo viwili, manunuzi yaliyokaa dukani ni milioni 110.

Mauzo yanasomwa kwenye taarifa za mashine ya EFD, ambazo Mamlaka ya Mapato pia inazo kwenye mfumo wake, kwa hiyo hata mashine ikiungua rekodi haiungui nayo. Jumla ya risiti ni milioni 141.6. Ndani yake imo VAT ya asilimia 18, ambayo ni fedha ya serikali na si ya duka. Tukigawa kwa 1.18 tunapata mauzo halisi ya milioni 120. Ukisahau hatua hii utajikuta umetoa mzigo mwingi kuliko uliouzwa, na dai lako litapungua kwa uzembe wa mstari mmoja.

Katika milioni 120 za mauzo, asilimia 75 ni gharama ya bidhaa, yaani milioni 90. Milioni 80 za mwanzo, jumlisha 110 zilizoingia, toa 90 zilizouzwa: usiku wa moto dukani kulikuwa na vitenge vya shilingi milioni 100 kwa bei ya kununulia.

Naomba tusimame kidogo hapa, kwa sababu hesabu hii ina tabia ambayo kila mfanyabiashara wa Kariakoo anapaswa kuielewa. Manunuzi yasiyo na karatasi hayaingii kwenye hesabu. Aliyenunua jora 200 kwa fedha taslimu bila ankara, kwa sababu muuzaji alimpunguzia bei, amenunua mzigo ambao mbele ya kampuni ya bima haukuwahi kuwapo. Mauzo yasiyo na risiti yana athari ya kinyume: yanafanya mzigo uliokwisha toka uonekane kama bado umo dukani, na dai linavimba. Wapo wanaodhani hiyo ni bahati. Mkadiria mzoefu huigundua upesi, kwa sababu atapima fremu, ahesabu rafu, na kujiuliza kama mzigo unaodaiwa ungeweza kuenea humo. Fremu ya mita 3 kwa 4 ina kiasi chake cha majora. Vitabu vikisema kulikuwa na mara mbili ya kiasi hicho, shaka haitaishia kwenye tofauti; itakula dai zima, kwa kuwa karibu kila hati ya bima ya moto inasema dai lenye udanganyifu linapoteza haki yote.

Ushahidi wa karatasi unatakiwa ukae nje ya duka. Orodha ya mzigo ya Desemba ikifungiwa kwenye droo ya duka lililoungua, milioni 80 za mwanzo zitabaki neno la mdomo. Ikipigwa picha na kutumwa kwa mhasibu, ipo. Nakala za ankara zinaweza kuombwa kwa wauzaji, miamala iko benki na kwenye kampuni za simu, nyaraka za forodha ziko kwa wakala aliyetoa mzigo bandarini. Ile orodha ya kuhesabu mali ndiyo pekee isiyo na pacha popote, isipokuwa mwenye duka amemtengenezea.

Turudi dukani. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, yalipatikana majora ambayo moto haukuyafikia lakini yaliloa maji ya wazimamoto na kunuka moshi. Yalinunuliwa kwa milioni 10. Sasa yanaweza kuuzwa kwa milioni 4. Hayo ni masalia, na thamani yake ya sasa hutolewa kwenye hasara: milioni 100 toa 4, hasara ni milioni 96. Thamani ya masalia hukubaliwa kwa mazungumzo, na mwenye duka asiharakishe kukubali bei ya juu iliyokadiriwa mezani. Kitenge chenye harufu ya moshi hakinunuliwi kwa bei ambayo mtu wa ofisini anaidhania. Akiona bei hiyo haiwezekani, anaweza kupendekeza masalia yauzwe kwa mnada au yachukuliwe na kampuni yenyewe.

Mpaka hapa mwenye duka anaweza kufikiri kwamba atalipwa milioni 96, au angalau kiasi chote alichokatia bima. Hati yake inasema kiasi cha bima ni milioni 60. Anajiambia: hasara ni 96, bima ni 60, nitapata 60.

Hapati 60. Katika hati nyingi za bima ya moto kuna kifungu cha uwiano, ambacho mawakala hukiita averaji. Kinasema hivi: ikiwa siku ya moto mali ilikuwa na thamani kubwa kuliko kiasi kilichokatiwa bima, mwenye mali anahesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe ile tofauti, na hasara itagawanywa kwa uwiano huohuo. Duka lilikuwa na mzigo wa milioni 100 na bima ya 60. Kampuni imebeba sehemu 60 katika 100, mwenye duka 40. Kwa hiyo kampuni inalipa asilimia 60 ya hasara ya milioni 96, ambayo ni milioni 57.6.

Katika hasara ya duka zima, kama hii, kifungu hiki hakiumizi sana. Tofauti kati ya 60 na 57.6 ni ndogo. Kinachowashtua watu ni hasara ndogo. Moto ungeteketeza kona moja tu, mzigo wa milioni 20, mwenye bima ya 60 angeamini kwa dhati kwamba 20 iko ndani ya 60 na atalipwa yote. Angelipwa 12. Milioni 8 zingemtoka mfukoni, ingawa kiasi chake cha bima kilikuwa mara tatu ya kilichoungua. Mantiki ya kampuni ni kwamba ada ya mzigo wa 60 ililipwa, ilhali hatari iliyobebwa ilikuwa ya mzigo wa 100 wote, kwani hakuna aliyejua moto ungechagua kona ipi. Naikubali mantiki hiyo. Nisichokikubali ni mteja kuuziwa hati yenye kifungu hiki bila mtu kukaa naye na kumpigia mfano mmoja kama huu.

Kuna kukatwa kwingine. Hati huwa na sehemu ya kila dai inayobaki kwa mteja, na katika hati ya duka letu ni asilimia 10. Milioni 57.6 inapungua kwa milioni 5.76, na hundi inatoka ikiwa na shilingi milioni 51.84. Kama mzigo uliwekwa rehani benki, hundi hiyo huenda benki kwanza.

Kabla hundi haijatolewa, mwenye duka huletewa hati ya kukubali malipo aitie saini. Kwa kawaida imeandikwa kwamba malipo hayo ni ya mwisho na kamili. Akiisha kutia saini, ni vigumu mno kurudi kudai zaidi. Asiyeridhika ana njia kabla ya saini: kudai maelezo ya maandishi ya kila tarakimu, na Tanzania kuna ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwenye hesabu kama tuliyoipitia ana cha kuzungumza akiwa pale.

Sasa fedha zimeingia. Vitabu vya duka vinasema nini?

Jambo la kwanza ni kuutoa mzigo ulioungua kwenye hesabu ya biashara. Asipofanya hivyo mwenye duka atajidanganya vibaya. Mzigo wa mwanzo 80 na manunuzi 110 ni milioni 190, dukani hakujabaki kitu cha kuuza, mauzo ni 120: vitabu vitaonyesha hasara ghafi ya milioni 70, kana kwamba vitenge vilikuwa vikiuzwa kwa chini ya bei ya kununulia. Benki ikiona hivyo haitampa mkopo wa kuanza upya, kwa sababu inaona biashara mbovu. Ukweli ni kwamba biashara ilikuwa nzima. Moto ndio uliokuja. Kwa hiyo milioni 100 hutolewa kwenye hesabu ya biashara na kupelekwa kwenye ukurasa wake, hesabu ya hasara ya moto. Hapo biashara inaonekana kama ilivyokuwa: mauzo 120, gharama 90, faida ghafi 30, asilimia ileile ya 25.

Kwenye ukurasa wa moto, upande mmoja kuna milioni 100 za mzigo. Upande wa pili yanaingia masalia ya milioni 4 na malipo ya bima ya milioni 51.84. Kinachobaki ni milioni 44.16, na hiyo ndiyo hasara ya moto inayokwenda kwenye hesabu ya faida na hasara, ikiwa na jina lake, chini ya faida ghafi na mbali na gharama za kila siku.

Tukiipasua hiyo milioni 44.16 tunaona ilikotoka. Kama kiasi cha bima kingekuwa milioni 100, kampuni ingelipa 96, ikatoa asilimia 10, hundi ikawa milioni 86.4 na hasara ya vitabu milioni 9.6. Tofauti ya milioni 34.56 imetokana na tarakimu moja iliyoandikwa kwenye fomu mwanzoni mwa mwaka. Tuseme ada ilikuwa shilingi 3 kwa kila 1,000 ya kiasi cha bima: kuongeza kutoka 60 hadi 100 kungegharimu shilingi 120,000 za ziada kwa mwaka.

Je, inawezekana malipo ya bima yakaleta faida? Kwa kanuni, bima ya moto humrudisha mtu alipokuwa na haimtajirishi. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, ambako sheria zetu za bima zimechota mengi, iliisimamia kanuni hiyo kwa uthabiti mwaka 1883 katika kesi ya Castellain na Preston. Mwenye nyumba aliingia mkataba wa kuiuza, ikaungua kabla mauzo hayajakamilika, akalipwa na bima, kisha mnunuzi naye akamlipa bei yote. Mahakama iliamua kampuni ya bima irudishiwe fedha zake, kwani mtu hawezi kulipwa mara mbili kwa hasara moja.

Hata hivyo vitabu vinaweza kuonyesha faida, bila mtu yeyote kufanya ulaghai. Sababu ni kwamba kampuni na mhasibu hawapimi kwa kipimo kimoja. Mhasibu ameandika mzigo kwa bei aliyoununulia, labda miezi sita iliyopita. Bima ya mzigo hulipa kwa gharama ya kuununua tena mzigo uleule siku ya moto, bila kuhesabu faida ambayo ungeleta ukiuzwa. Shilingi ikishuka dhidi ya dola katikati, kipimo cha kampuni kinapanda na cha mhasibu kinabaki palepale.

Tuseme vitenge vyetu vya milioni 100 sasa vinahitaji milioni 115 kununuliwa, na mwenye duka alikuwa makini, akakata bima ya milioni 120. Kifungu cha uwiano hakimgusi. Thamani ya siku ya moto ni 115, masalia 4, hasara 111. Kampuni inatoa asilimia 10, milioni 11.1, na kulipa milioni 99.9. Ukijumlisha masalia, mwenye duka amepata milioni 103.9 kwa mzigo ulioandikwa vitabuni kuwa milioni 100. Ukurasa wa moto sasa unafungwa na faida ya milioni 3.9.

Faida hiyo ni halali, na Mamlaka ya Mapato huihesabu kama sehemu ya pato la biashara, kwa sababu fidia ya mzigo imechukua nafasi ya mauzo ya mzigo huo. Kampuni inayotozwa asilimia 30 ya faida italipa kodi ya shilingi milioni 1.17 juu yake. Wakati huohuo kurudisha rafu kama zilivyokuwa kunahitaji milioni 115, na mfukoni zipo 103.9. Duka lililopata faida ya moto kwenye vitabu limepungukiwa milioni 11.1 sokoni, na kodi bado haijatoka. Mwenye duka anayeiona ile 3.9 na kuitumia kana kwamba ni pato la ziada anakula mtaji wa majora yajayo.

Kuna pia suala la tarehe. Hasara huandikwa mara tu mzigo unapoungua, lakini dai la bima haliruhusiwi kuandikwa kama mali mpaka kupatikana kwake kuwe karibu hakika, kama kanuni ya kimataifa ya hesabu namba 37 inavyotaka. Moto wa Mei unaolipwa Septemba hauna shida; vyote vinaangukia mwaka mmoja. Moto wa tarehe 20 Desemba, wakati mkadiria bado anachambua majivu, utaacha hasara ya milioni 96 yote kwenye mwaka unaokwisha, na mwaka unaofuata utaonyesha pato la milioni 51.84 ambalo halikutokana na kuuza hata kitenge kimoja. Anayesoma hesabu hizo bila maelezo ataona mwaka mbovu kupita kiasi ukifuatwa na mwaka mzuri kupita kiasi. Kwa hiyo dai linaloendelea huelezwa kwa maandishi kwenye taarifa ya mwaka, likitajwa kiasi na hatua lilipofikia, hata kama haliingii kwenye jumla.

Kwa wale ambao mzigo wao hupanda na kushuka sana, kama wauza vitenge na nguo ambao stoo hujaa kuelekea Idi na Krismasi, kuna aina ya bima inayouzwa hasa kwa maghala makubwa na ambayo wenye maduka nao wanaweza kuiulizia. Kiasi cha bima huwekwa kwa kilele cha mwaka, tuseme milioni 150. Mwanzoni hulipwa sehemu ya ada, mara nyingi robo tatu. Kisha kila mwezi mwenye mali hupeleka tamko la thamani ya mzigo wake, na mwisho wa mwaka ada hurekebishwa kufuata wastani wa matamko hayo. Mwezi wa mzigo wa 70 anatamka 70, mwezi wa 140 anatamka 140, na moto ukitokea Desemba stoo ikiwa imejaa, kilele kile tayari kimo kwenye hati. Kazi yake ni kupeleka tamko kwa wakati na kwa ukweli, kwa sababu tamko la mwisho lililopelekwa pungufu litapunguza dai kwa uwiano uleule tuliouona. Nakala za matamko hayo nazo zikae mahali pengine mbali na duka; mkadiria ataziomba mapema, akizilinganisha na ile hesabu ya kurudi nyuma.